Kukunja waya mrefu bila kuusokota, na kinachoiua chaja shingoni

Waya wa maikrofoni wa mita 20 unaozungushwa kila usiku kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko haukai msimu mzima wa harusi. Kwa nje utauona mzima, lakini ukiutupa chini hautulii: unajipinda, unainuka hapa na pale, na baada ya muda spika zinaanza kuvuma kila mtu anapoukanyaga. Lamu jambo hili lina uzito wake. Vichochoro vyetu punda wawili wenye mizigo hupishana kwa taabu, na wakati wa Maulidi ya Riyadha, Mfungo Sita, watu hujaa barabarani mpaka hakuna pa kuweka mguu. Waya ulioinuka vidole viwili kutoka chini utamwangusha mtu mzima au mtoto aliyebeba sinia.

Mwongozo huu unahusu mkunjo mmoja tu, ule wa kupishanisha duara la juu na duara la chini. Mafundi wa vyombo vya sauti huutumia kila mahali, na ukishazoeleka mkononi hauchukui muda zaidi ya ule wa kiwiko. Kisha nitaingia kwenye chaja, kwa sababu watu wengi wanaotunza vizuri nyaya zao ndefu huirudisha chaja ya kompyuta mkobani ikiwa imefungwa kwa waya wake mwenyewe, imekazwa.

Kila duara lina mzunguko wake

Mwombe fundi cherehani futi yake, ile ya kitambaa yenye namba pande zote mbili. Chukua mkebe wa maziwa ya unga, izungushe futi mara tatu ikiwa imelala bapa juu ya mkebe, kila duara likikaa kando ya jingine. Sasa ichomoe taratibu, shika ncha mbili na uzivute kila moja upande wake bila kuziruhusu zizunguke. Futi itanyooka, lakini itakuwa imejisokota mizunguko mitatu kamili. Zihesabu zile namba zinavyogeuka utaona. Maduara matatu, mizunguko mitatu.

Hivyo ndivyo ulivyo waya wowote. Duara moja linalolazwa upande uleule kama lililotangulia linabeba mzunguko mmoja, na mzunguko huo hauondoki wenyewe. Ama unabaki ndani ya waya wakati umekunjwa, ndiyo maana mkunjo wa kiwiko haulali na kila ukiuweka chini unajigeuza kuwa nane, ama unatulia sasa kwa kuwa ncha ilijizungusha sakafuni, kisha unajitokeza siku ya kuunyoosha. Kwa vyovyote vile, deni linalipwa na waya.

Kuna njia mbili za kulikwepa. Ya kwanza ni kuuviringisha na kuuviringua kama gurudumu, na hiyo ndiyo kazi ya ringi la ekstensheni lenye mkono wa kuzungusha. Ringi linazunguka lenyewe, waya unaingia na kutoka umenyooka. Ya pili ni kulipatia duara moja mzunguko wa kulia na la pili mzunguko wa kushoto, ili jumla yake iwe sifuri. Hii haihitaji kifaa chochote ila mikono yako.

Vijana wengi hapa wamejifunza kukunja kamba kabla ya kuujua waya. Katika jahazi, henza na demani hukunjwa upande mmoja mwanzo hadi mwisho, na mzee aliyeishi baharini atakwambia, "Mwanangu, kamba ifuate msokoto wake." Yuko sahihi kabisa kuhusu kamba. Kamba imesokotwa upande mmoja, haina ganda, na nyuzi zake zina nafasi ya kujipanga upya kila inapokunjwa. Waya una ganda linalobana kila kitu kilicho ndani. Ukiukunja kama kamba, mzunguko hauna pa kutokea.

Ndani ya ganda kuna nini

Ekstensheni ya kawaida ina nyaya tatu zilizosokotwa pamoja kwa upole, na kila moja ina nyuzi nyingi nyembamba za shaba. Waya wa maikrofoni una nyaya mbili zilizozungukwa na matandiko ya nyuzi za shaba yanayozuia mivumo isiingie kwenye sauti. Msokoto huo wa ndani uliwekwa kiwandani makusudi: unaporuhusu waya kupinda, kila uzi unapata zamu ya kuwa upande wa nje wa kona na zamu ya kuwa upande wa ndani, kwa hiyo hakuna unaovutwa kuliko wenzake.

Ukiongeza msokoto wako juu ya ule wa kiwandani, mambo mawili yanaweza kutokea. Ukienda upande mmoja nao, nyaya za ndani zinabanana na kufupika, zinaanza kuvuta kwenye plagi pale zilipokazwa kwa skurubu au kulehemiwa. Ukienda kinyume, zinalegea, zinakuwa ndefu kuliko ganda lao, na kwa kuwa hazina pa kwenda zinajikunja ndani kwa ndani. Hapo ndipo unapoona waya una mawimbi kama ya chemchemi, au uvimbe mahali fulani ukiupitisha vidoleni. Kwa waya wa maikrofoni, matandiko yanapanuka na kuacha nafasi, na hapo unaanza kusikia mvumo kwenye spika ingawa nyaya zenyewe hazijakatika.

Joto la pwani linazidisha. Plastiki iliyokaa imekunjwa vibaya chini ya bati wakati wa kaskazi inalainika mchana na kushika umbo hilo. Baada ya hapo waya haurudi ulivyokuwa bila kulazimishwa.

Namna ya kukunja

Nitaeleza kwa anayetumia mkono wa kulia. Wa kushoto abadilishe tu.

Kwanza, unyooshe waya wote sakafuni au barabarani, ncha ya mbali isiwe imechomekwa wala kushikwa na kitu. Kama ni wa umeme, uchomoe kwenye soketi kabla ya lolote. Pita nao kwa kitambaa mkononi kutoka mwanzo hadi mwisho. Utaondoa mchanga, na vidole vitakuonyesha palipovimba au palipochubuka.

Pili, shika ncha kwa mkono wa kushoto, waya ukiwa umelala juu ya vidole. Plagi ining'inie upande wa kifuani kwako, na waya uliobaki uelekee nje. Plagi hii itabaki upande huo mpaka mwisho. Usiiache ikaingia katikati ya maduara, sababu utaiona baadaye.

Tatu, duara la juu. Nyoosha mkono wa kulia, ushike waya mbele kidogo ya mita moja, kidole gumba kikielekea mbele, mbali nawe. Ulete kwenye mkono wa kushoto huku ukiuviringisha kati ya kidole gumba na vidole vingine mpaka duara lilale bapa. Vidole vitakwambia upande wa kuviringisha: ukikosea, duara linajigeuza nane. Liweke juu ya vidole vya kushoto. Waya unaoendelea utakuwa umetoka upande wa nje wa duara hilo.

Nne, duara la chini, na hapa ndipo mkono unapohitaji kufundishwa. Geuza kiganja cha kulia kitazame nje, ushike waya kidole gumba kikikuelekea wewe. Unapouleta, rudisha kiganja katika hali yake ya kawaida, kidole gumba kirudi kutazama mbele. Kwa mgeuko huo wa kifundo cha mkono, duara linajifunga kwa upande wa pili. Ukiliangalia, waya unaoendelea hautoki nje tena. Umepita ndani, kati ya duara jipya na lile lililotangulia. Hiyo ndiyo alama ya kujua umefanya sawasawa. Kama umetoka nje, umerudia duara la juu.

Tano, endelea kupishanisha: juu, chini, juu, chini. Usivute. Waya uje wenyewe ukiteleza sakafuni, na maduara yote yawe na ukubwa mmoja. Ukihisi waya unakataa kulala, usiulazimishe. Rudi nyuma duara moja uangalie kama umeruka zamu.

Sita, funga kwa ukanda wa velkro, kipande cha kitambaa, au kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Funga mahali pawili panapotazamana, kwa kulegea kiasi cha kuingiza kidole. Usiuzungushe waya wenyewe kiunoni mwa maduara na kuukaza. Mita ile ya mwisho ndiyo inayoingia kwenye plagi, na ndiyo inayokatika mapema kuliko zote.

Hesabu ya mita 20

Chukua waya wa maikrofoni wa mita 20 wenye unene wa milimita 6. Maduara ya upana wa sentimita 40 yanameza mita 1.25 kila moja, kwa hiyo utapata maduara 16, manane ya juu na manane ya chini. Mizunguko minane inakwenda kulia, minane inakwenda kushoto, na waya haudai kitu. Ukishika ncha ya mwisho na kuutupa mbele kichochoroni, utanyooka wote.

Waya huohuo ukizungushwa kiwikoni, kila duara linameza kama sentimita 80. Hayo ni maduara 25 yote ya upande mmoja, yaani mizunguko 25 ndani ya mita 20, zaidi ya mmoja kwa kila mita. Tena duara lenyewe si la mviringo. Limebanwa kuwa na kona mbili, moja kiwikoni na moja kati ya kidole gumba na cha shahada, na kila usiku kona zinaangukia karibu palepale. Msokoto na kona vinafanya kazi pamoja.

Ukubwa wa duara hauchaguliwi kwa urembo. Kwa waya unaokunjwa mara kwa mara, kipimo salama ni kwamba umbali kutoka katikati ya mpindo hadi kwenye waya usipungue mara nane hadi kumi ya unene wake. Waya wa milimita 6 unataka basi angalau sentimita 6, yaani duara lisilopungua sentimita 12. Kwa nyaya ndefu tunakwenda mbali zaidi ya hapo, sentimita 35 hadi 45, kwa sababu mkono unafanya kazi vizuri zaidi na mkunjo unakaa bapa. Ekstensheni nene ya milimita 9 au 10 ipe sentimita 50.

Mafundo

Mkunjo huu una udhaifu mmoja, na ni lazima uujue kabla ya kuutumia mbele za watu. Kila duara la chini ni fundo lisilokazwa. Ncha ikipita katikati ya maduara, hata mara moja, ukiutupa waya utapata fundo kwa kila duara la chini. Katika mita 20 zile ni mafundo manane yaliyopangana, na kuyafungua saa bwana harusi anaingia ni mateso.

Kwa hiyo ncha ya mwanzo ibaki upande wa kifua, ncha ya mwisho ibaki upande wa nje, na zote mbili zifungwe na ukanda zisitangetange ndani ya gunia. Unapofungua, shika mkunjo mzima mkono wa kushoto jinsi ulivyokuwa ukiukunja, toa ncha ya nje, na uache maduara yateleze moja moja. Likitokea fundo la kwanza, simama papo hapo. Usivute ukidhani litajifungua. Rudisha ncha kupitia tundu ililopitia, na mafundo yaliyobaki yatayeyuka kabla hayajazaliwa.

Nyaya nene sana, kama zile za jenereta, hazikunjiki hewani. Zilaze sakafuni kwa umbo la nane kubwa. Nane ni kanuni ileile, nusu moja inazunguka kulia na nusu ya pili kushoto, na sakafu inabeba uzito badala ya mkono wako. Umbo hilohilo litumie kwa ekstensheni iliyozidi urefu wakati umeme unapita. Birika la wati 2,200 kwenye umeme wetu wa volti 240 linavuta ampia 9 na ushee. Ekstensheni ya mita 20 yenye shaba ya milimita mraba 1.5 inapoteza hapo kama wati 45 kwa joto. Ikitandazwa hutaisikia. Ikiwa imebaki yote kwenye ringi, joto lote linakaa mahali pamoja, na fyuzi ya ampia 13 haitakatika kwa sababu ampia hazijapita kiwango. Ndiyo maana maringi mengi huandikwa wati za aina mbili, chache yakiwa yamefungwa na nyingi yakiwa yamefunguliwa yote. Soma maandishi hayo, au lifungue ringi lote.

Kuuokoa waya uliokwisha kusokoteka

Waya wenye mawimbi lakini usio na uvimbe mgumu bado unaokoleka. Saa nne asubuhi, jua likiwa limeanza kukolea, utandaze wote mahali pasafi: paa la zege, au barazani penye urefu wa kutosha. Uache upate joto kwa robo saa hadi nusu saa. Ukiwa vuguvugu na laini mkononi, funga ncha moja, kisha anza hapo kuupitisha kati ya vidole huku ukiuviringisha kinyume cha msokoto, ukiusukuma mzunguko mbele yako kuelekea ncha iliyo huru. Ncha hiyo itazunguka yenyewe, na kila mzunguko unaouona pale umetoka kwenye waya. Penye nyumba ya ghorofa kazi ni nyepesi zaidi: uning'inize kutoka juu uache ujifungue kwa uzito wake.

Ukimaliza, ukunje kwa kupishanisha ukiwa bado na vuguvugu, upoe katika umbo jipya. Rudia siku nyingine kama bado unaleta ukaidi. Usiuache juani kutwa. Jua kali linakausha ganda likaanza kupasuka.

Palipo na uvimbe mgumu, au pale waya unapokunjika kwa urahisi kuliko kwingine, nyuzi za ndani zimeshaumia. Weka mita ya kupimia umeme kwenye alama ya mlio, plagi ikiwa imechomolewa, pima kila waya kutoka ncha hadi ncha huku mwenzako akipindapinda pale penye shaka. Mlio ukikatakata, kata kipande hicho na ufunge plagi upya. Waya mfupi wa mita 14 ulio mzima una faida kuliko wa mita 20 uliounganishwa kwa selotepu chini ya mkeka.

Chaja

Katika chaja msokoto si adui mkubwa. Adui ni mpindo mkali unaorudi mahali palepale.

Itazame chaja ya kompyuta. Kuna kisanduku kigumu, na waya mwembamba wa kama milimita 4 unaotoka humo kwenda kwenye kompyuta, mara nyingi wenye urefu wa mita 1.8 hivi. Pale unapotoka, shingoni, kuna kimpira chenye mikato. Kazi yake ni kuufanya waya upinde polepole badala ya kukunjika ghafla. Kimpira hicho kimetengenezwa kwa waya unaotoka mbele. Anayeuzungushia waya kisandukuni anaugeuza shingoni kwa kona mraba, anaukaza, kisha anauvusha kwenye kingo nne za kisanduku, duara baada ya duara. Kesho atafanya hivyohivyo, na kona ya shingoni itakuwa ileile.

Uzi wa shaba wa unene wa milimita 0.1 ukipindwa kwa kona ya milimita 5, upande wake wa nje unavutika asilimia 1. Ni kidogo kwa macho, lakini kwa shaba ni kingi. Haurudi ulivyokuwa, na kila ukipindwa na kunyooshwa unazidi kuwa mgumu na mkavu mpaka unakatika. Ukipindwa kwa duara la sentimita 10, umbali wa milimita 50 kutoka katikati, uvutano unashuka hadi asilimia 0.1, mara kumi chini. Kukaza kunaongeza madhara, kwa sababu nyuzi zilizobanwa haziwezi kuteleza na kugawana mzigo. Wa nje anavutwa peke yake.

Nyuzi hazikatiki zote siku moja. Zikikatika nusu, chaja inaendelea kuchaji, na mwenyewe hana habari. Umeme uleule unapita kwenye nyuzi chache, na mahali hapo panapata moto. Chaja ya wati 65 inatoa volti kama 20 na ampia kama 3.3. Tuseme pale shingoni pamezuka ukinzani wa nusu omu. Zidisha ampia mara ampia mara ukinzani, 3.3 mara 3.3 mara 0.5, unapata wati 5 na zaidi kidogo, zote ndani ya sentimita moja ya waya uliofungwa kwa plastiki. Hizo zinatosha kulainisha ganda. Baadaye nyuzi zilizokatika zinaanza kugusana na kuachana, zinatoa cheche ndogo, na siku moja ncha kali ya uzi inatoboa plastiki ya ndani na kuugusa waya wa pili.

Dalili zinakuja kwa mpangilio, na ukizijua utaikamata mapema. Kwanza ni joto. Chaja ikiwa imefanya kazi nusu saa, pitisha vidole kwenye waya mwembamba kutoka kisandukuni. Kisanduku kuwa na joto ni kawaida, lakini waya kuwa na joto mahali pamoja tu si kawaida. Pili, ganda shingoni linageuka rangi, linakuwa la manjano au linang'aa, au unapominya unalikuta laini. Tatu, alama ya kuchaji kwenye skrini inawaka na kuzima ukisogeza waya. Ikifika kwa yule anayesema, "Kaka, iache hivyohivyo usiiguse, ikikaa upande huu inashika," chaja hiyo isilale ikiwa imechomekwa, wala isiwekwe juu ya godoro au mkeka.

Selotepu shingoni haitibu. Inaficha ganda lililopasuka, na inaufanya mpindo uhamie pale tepu inapoishia. Tiba ni fundi kuukata waya chini ya palipoumia, kukifungua kisanduku kama kinafunguka bila kuvunjwa, na kuulehemu upya kwa kufuata waya wa kati na wa nje, akaweka kimpira kipya shingoni. Vinginevyo nunua nyingine. Upande wa waya mnene unaokwenda ukutani, wenye volti 240, haurekebishwi kwa kuunganisha. Mara nyingi unachomoka kisandukuni, na unabadilishwa wote kwa bei ndogo.

Kuifunga chaja vizuri ni hivi. Kiweke kisanduku pembeni. Acha waya mwembamba utoke shingoni ukinyooka kwa upana wa vidole vinne, usiuguse hapo. Kisha uukunje mkononi kwa maduara ya sentimita 13, juu na chini kama ule wa mita 20. Mita 1.8 zitakupa maduara manne, na ni kazi ya muda mfupi. Funga kwa velkro ndogo kwa kulegea, uulaze mkunjo kando ya kisanduku, na ndani ya mkoba kisanduku kikae chini, shingo ikitazama juu, pasiwe na kitabu kinachoilalia. Ukikuta mkoba ni mdogo na lazima uzungushie kisanduku, basi anza kwa kuacha kipinde kikubwa kinachosimama juu ya shingo kama nusu duara, ndipo uanze kuzungusha, na maduara yawe malegevu kiasi cha kupitisha kidole chini yake.

Waya wa simu una hesabu hiyohiyo, ila shingo zake ni mbili, na ile ya upande wa simu ndiyo inayoumia zaidi kwa sababu watu huongea simu ikiwa imechomekwa, kifua kikiibana.

Mahali pa kuweka

Hewa ya bahari inaacha chumvi kwenye kila kitu, na chumvi inavuta unyevu. Waya uliotumika karibu na forodha au ufukweni Shela, ufute kwa kitambaa kilicholowa maji baridi na kukamuliwa, kisha kikavu, kabla ya kuukunja. Plagi zifute kwa kikavu tu. Kutu ya kijani ikianza kwenye pini, inapanda kwenye shaba chini ya ganda usikoiona.

Usiutundike mkunjo kwenye msumari. Uzito wote unakaa kwenye ncha nyembamba, na usiku mmoja wa joto unaacha kona. Kipande cha bomba la plastiki cha inchi tatu kilichofungwa ukutani, au kigingi kinene cha boriti, kinaubeba bila kuuumiza. Aliye katika nyumba ya zamani yenye zidaka ana mahali pazuri kuliko pote: mkunjo unalazwa bapa, mmoja juu ya mwingine, mzito chini na mwepesi juu, mbali na bati na mbali na jua. Panya hupenda plastiki laini, kwa hiyo kinachokaa muda mrefu kitie kwenye ndoo yenye mfuniko, lakini baada ya kukauka kabisa.

Kila mkunjo uandikie urefu wake kwenye kipande cha tepu karibu na plagi, sentimita 20 kutoka shingoni. Kama mnakunja watu wawili au watatu baada ya shughuli, kubalianeni nyote kuanzia ncha ya aina moja, kwa mfano ile inayoingia kwenye miksa. Hapo kesho anayefungua atajua bila kuuliza ni ncha ipi itakayobaki mkononi na ipi itakayokwenda kwenye maiki, naye akiutupa waya hatalazimika kuuburuta mzima na kuugeuza.